Gavana wa mkoa usio na gavana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mambo ya kuzuliwa katika habari za Kiswahili zilizoandikwa na mashine

Nimehariri habari za mikoani kwa muda mrefu. Siku hizi swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitajuaje kwamba habari hii imetungwa na akili mnemba? Wengi hutazama lugha. Mimi huanza na mahali, cheo na tarehe, kwa sababu lugha ya mashine inazidi kuwa nzuri kila mwaka, lakini bado haijui nani anaongoza wilaya gani.

Mnaposema mashine "imezua", mna maana gani?

Programu inayoandika kwa akili mnemba haina daftari la matukio inalolifungua kabla ya kuandika. Imesoma maandishi mengi sana na kujifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiambia iandike habari ya ajali ya basi, inajua kwamba baada ya idadi ya waliofariki huja jina la eneo, kisha jina la ofisa aliyethibitisha, kisha hospitali walikopelekwa majeruhi. Nafasi hizo lazima zijazwe. Kama jina la kweli halimo katika ilichosoma, au limo mara moja tu, itaweka jina linalofanana na majina yaliyozoeleka mahali kama hapo. Kitu hicho kilichojazwa bila kuwa na chanzo ndicho tunachokiita uzushi. Si uongo kwa maana ya mtu anayejua ukweli akauficha, maana mashine haina ukweli wa kuuficha.

Kwa nini mambo ya mahali ndiyo yanayoifichua?

Kwa sababu maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza, na yaliyopo hayakugawanyika sawa. Rais na waziri wameandikwa mara maelfu. Mtendaji wa kata ameandikwa mara moja, labda kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mashine inapomtaja rais mara nyingi hupatia. Inaposhuka kwenye wilaya inaanza kubahatisha, na kwenye kijiji inabahatisha kabisa.

Kuna jambo la pili ambalo naliona ni kubwa zaidi. Kiswahili kimoja kinatumika katika nchi kadhaa zenye mifumo tofauti ya utawala. Mashine imesoma habari za Kenya, za Tanzania na za Kongo zikiwa zimechanganyika, kwa hiyo cheo cha nchi moja huhamia nchi nyingine bila yenyewe kushtuka. Mtu aliyezaliwa Mbeya hawezi kumwita mkuu wake wa mkoa gavana, hata akiandika akiwa na usingizi. Mashine inaweza.

Lakini waandishi wa kawaida nao hukosea. Tofauti iko wapi?

Kosa la mwandishi huwa jirani na ukweli. Ataandika jina la kamanda vibaya kwa herufi moja, atasema majeruhi ni kumi na wanne kumbe ni kumi na sita, atataja kijiji cha jirani kwa sababu ndipo aliposhukia kwenye gari. Ukifuatilia kosa lake utaona limetoka wapi: simu ilikuwa inakatika, au alinakili kutoka kwenye daftari la mwenzake.

Kosa la mashine halina njia ya kurudi lilikotoka. Linafanana na ukweli kwa umbo tu. Cheo kinasikika kama cheo, hospitali ina jina linalofaa kwa hospitali, ila hakuna mtu wala simu wala daftari ambalo lingeweza kuzaa kosa la namna hiyo. Ninapokutana na kosa huwa najiuliza: ni binadamu yupi, akiwa amesimama wapi, angekosea hivi? Nikikosa jibu, nashuku.

Naweza kuona mfano uliochambuliwa?

Aya hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi, kwa kukusanya makosa ya aina ninazokutana nazo. Tukio si la kweli, na majina ya watu nimeyaacha wazi.

> Watu saba wamefariki dunia baada ya basi lililokuwa likitoka Tunduma kwenda Mbeya kupinduka katika eneo la Mlowo, saa tatu mchana, siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 2013. Gavana wa Mkoa wa Songwe, Bw. (…), amethibitisha kutokea kwa ajali hiyo na kusema majeruhi wamelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mlowo.

Ukiisoma haraka inapita. Sentensi zimenyooka, na jiografia ya juujuu ni sahihi: Mlowo ipo kweli, iko wilayani Mbozi, na ukitoka Tunduma kwenda Mbeya utaipita. Hapo ndipo msomaji anapotulia na kuamini yaliyobaki. Sasa tuichukue kidogo kidogo.

Anza na tarehe, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote. Fungua kalenda ya Machi 2013. Tarehe 14 ilikuwa Alhamisi. Hilo peke yake si ushahidi mkubwa, kwani hata mwandishi hukosea siku, hasa akiandika baada ya muda kupita. Weka alama ndogo pembeni, endelea.

Kisha tazama mkoa dhidi ya mwaka. Mkoa wa Songwe ulianzishwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2013 Mbozi na Tunduma zilikuwa ndani ya Mbeya, na habari iliyoandikwa siku hiyo isingeweza kutaja mkoa ambao haujazaliwa. Hapa uwe mwangalifu. Jina Songwe lenyewe ni la zamani. Ni jina la mto ulio mpakani na Malawi, na Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mbeya. Kwa hiyo neno "Songwe" katika habari ya 2013 si kosa. Kosa ni neno "mkoa" kuwekwa mbele yake. Vilevile mtu anayeandika leo kuhusu ajali ya zamani anaweza kusema "eneo ambalo sasa liko Mkoa wa Songwe", na atakuwa sahihi. Katika aya yetu habari imeandikwa kama ya siku ileile, kwa hiyo udhuru huo haupo.

Halafu cheo. Tanzania haina gavana wa mkoa. Gavana anayejulikana ni wa Benki Kuu. Mkoa una mkuu wa mkoa, anayeteuliwa na Rais. Na hata tukirekebisha cheo, bado kuna swali la nani huthibitisha ajali ya barabarani. Kwa kawaida ya habari za Tanzania ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ambaye jina lake huandikwa pamoja na cheo chake cha kipolisi. Mkuu wa mkoa huja baadaye, kwenye rambirambi au anapowatembelea majeruhi. Mashine inajua kwamba ofisa mkubwa lazima athibitishe. Haijui zamu ya kila mmoja.

Mwisho hospitali. Hospitali ya rufaa ya kanda huhudumia mikoa kadhaa, na ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Mji mdogo kama Mlowo unaweza kuwa na kituo cha afya au zahanati. Mashine imechukua jina la aina ya hospitali kubwa na kulibandika kwenye jina la mahali ilipokwisha kulitaja. Ubandikaji huu ni wa kawaida sana, na mara nyingi utaona mahali palipotajwa mwanzoni panazaa kila kitu: shule ya mahali hapo, soko la mahali hapo, chama cha wakulima cha mahali hapo, vyote kwa jina lilelile.

Sasa hesabu. Siku iliyokosewa ni dalili dhaifu. Hospitali ni dalili ya wastani. Gavana wa Mkoa wa Songwe mwaka 2013 ni makosa mawili ndani ya maneno machache, na hakuna ripota wa Mbeya ambaye angeweza kuyafanya yote mawili kwa pamoja. Hapo mimi nasimamisha habari.

Umeruka "saa tatu mchana". Ni kosa la chapa tu?

Nimeiacha makusudi ili ipate nafasi yake. Saa tatu kwa Kiswahili ni asubuhi au usiku. Hakuna saa tatu mchana. Kinachotokea ni kwamba mashine imefikiria tarakimu ya saa ya Kiingereza, ambako tatu ya mchana ipo, kisha ikaiandika kwa maneno ya Kiswahili bila kuihamisha kwa saa sita. Iliyokusudiwa ilikuwa saa tisa alasiri.

Dalili hii naipenda kwa sababu haihitaji kumpigia mtu simu wala kutafuta orodha. Soma saa zote katika habari na uzilinganishe na jua. "Saa kumi asubuhi wanafunzi walikuwa darasani" haiwezekani, kwani saa kumi ya upande huo ni alfajiri na wanafunzi wamelala. "Mkutano ulianza saa mbili mchana" nayo vilevile. Lakini kuna kosa la hila zaidi: saa ambayo inawezekana ila si yenyewe. Habari ikisema mvua ilianza saa nane usiku na wafanyabiashara walikuwa bado wanauza sokoni, kila neno ni Kiswahili safi, ila mazingira yanakataa. Huenda ilikuwa saa mbili usiku, na tarakimu ya Kiingereza ndiyo iliyoponyoka.

Binadamu anayetafsiri habari ya Kiingereza kwa haraka naye hufanya kosa hili. Kwa hiyo saa iliyopotoka inakuambia kwamba maandishi yamepita kwenye Kiingereza. Haikuambii aliyeyapitisha ni nani.

Nimetafuta jina la mtu na tukio mtandaoni, sikupata chochote. Je, ni uzushi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapowaonea waandishi wa mikoani. Mambo mengi ya kweli katika nchi zetu hayajawahi kufika mtandaoni. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa, daraja limesombwa, mzee maarufu amezikwa, na hakuna ukurasa wowote uliolitaja. Ukitumia kutokuonekana kama kipimo, utawahukumu kwanza waandishi wanaofanya kazi nzuri kuliko wote, wale wanaokwenda mahali ambako hakuna mwingine anayekwenda.

Kanuni ninayoifuata ni kutafuta kisichowezekana kabla ya kutafuta kisichoonekana. Kisichowezekana ni mkoa kabla ya kuanzishwa kwake, cheo ambacho nchi haina, saa isiyo na jua lake, marehemu anayetoa hotuba. Rais Benjamin Mkapa alifariki Julai 2020. Habari inayomnukuu akizungumza kwenye hafla ya 2022 haihitaji utafiti zaidi. Kisichoonekana ni sababu ya kupiga simu, na hakiwi zaidi ya hapo mpaka simu ijibiwe.

Na simu yenyewe ina namna yake. Usimuulize mtu wa mahali hapo kama habari ni ya kweli, maana atakujibu kwa alichokisikia, na pengine alichokisikia ni habari hiyohiyo. Muulize bila kumwonyesha: kituo cha afya cha hapo kinaitwaje, mtendaji wa kata ni nani, soko huwa siku gani. Kisha linganisha mwenyewe.

Kama tukio lenyewe ni la kweli, uzushi utaonekanaje?

Hii ndiyo ngumu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu msomaji analikumbuka tukio na kumbukumbu yake inaibeba habari nzima. Chukua maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023. Ukiona makala inayosimulia maafa hayo, mji ni sahihi, mlima ni sahihi, mwezi ni sahihi. Kisha inaongeza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan alifika eneo la tukio asubuhi hiyohiyo kuwafariji waathirika. Ni sentensi inayofuata mkondo wa habari za maafa, kwani viongozi hufika. Ila siku hiyo Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, na alilazimika kukatisha safari ili arudi. Mtu aliyefuatilia habari zile wiki ile angekumbuka jambo hilo kwanza, kwa sababu lilizungumzwa sana.

Kwa hiyo katika tukio la kweli usikague mifupa, kagua nyama. Mifupa ni mji, mwaka na aina ya maafa, mashine inayo. Nyama ni nani alikuwa wapi saa ngapi, barabara ipi ilifungwa, watu walihifadhiwa katika jengo gani.

Namna nyingine ni matukio mawili kuyeyushwa kuwa moja. Ziwa Victoria limebeba misiba miwili mikubwa ambayo mashine huichanganya kwa urahisi. MV Bukoba ilikuwa meli iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza, ikazama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere kilikuwa kivuko kilichotoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, huko Ukerewe, kikapinduka tarehe 20 Septemba 2018. Ziwa moja, mkoa wa Mwanza katika zote mbili, msongamano wa abiria katika zote mbili. Makala ikisema MV Nyerere ilikuwa safarini kutoka Bukoba, au kwamba Rais Mkapa ndiye aliyetangaza maombolezo ya MV Nyerere, unajua nusu moja imetoka kwenye msiba mwingine. Mkapa alikuwa rais wakati wa MV Bukoba. Wakati wa MV Nyerere rais alikuwa John Magufuli. Njia ya haraka ya kukagua ni hiyo: weka jina la rais wa wakati huo pembeni mwa kila tukio.

Majina ya watu yanasaidia?

Kidogo, na kwa tahadhari kubwa. Ni kweli kwamba mashine huelekea kwenye majina yaliyozoeleka mno. Mkazi anayenukuliwa ataitwa Juma, daktari ataitwa Amina, mkulima ataitwa Hassan, na hao watatu watatokea katika habari ya Sumbawanga sawasawa na ya Tanga. Lakini usije ukasema jina fulani haliwezi kuwa la mahali fulani. Watu wanahama, wanaoana, wanaajiriwa mbali na kwao, na ofisa wa serikali karibu kila mara si mzaliwa wa anapofanyia kazi. Kumkataa mtu kwa sababu ya ukoo wake ni kosa baya kuliko uzushi tunaoutafuta.

Kinachofaa kuangaliwa ni kama jina lina kitu kinacholishika. Ripota aliyekutana na mtu hukuambia angalau kitu kimoja kisichotabirika: anauza nini, nyumba yake iko upande gani wa mto, alikuwa anafanya nini maji yalipoingia. Watu wa kubuni hawana shughuli. Wanatokea, wanasema sentensi moja kuhusu subira au mshikamano, wanapotea.

Ni vyeo gani hasa huhama kutoka nchi moja kwenda nyingine?

Kenya ina kaunti 47, kila moja na gavana wake, na magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Kabla ya hapo kulikuwa na mikoa minane yenye wakuu wa mikoa. Kwa hiyo "Gavana wa Kilifi" katika habari ya 2009 haiwezekani, kama ambavyo "Mkuu wa Mkoa wa Kilifi" haiwezekani leo. Mbunge wa Kenya anawakilisha eneo bunge. Wa Tanzania anawakilisha jimbo. Mashariki mwa Kongo jimbo ni eneo kubwa la utawala lenye gavana. Neno hilohilo moja, jimbo, ni kitu kingine kabisa ukivuka mpaka, na mashine hulitumia kana kwamba ni moja.

Zanzibar husahaulika zaidi. Huko ngazi ya chini ni shehia, na anayeiongoza ni sheha. Habari ya moto uliotokea Unguja ambapo "mwenyekiti wa kijiji" ndiye aliyetoa taarifa imeandikwa na mtu, au kitu, ambacho hakikufika.

Kuhusu chifu, usikimbilie kuhukumu. Kenya chifu ni mtumishi wa serikali anayefanya kazi na polisi, na ni kawaida kumwona akinukuliwa kwenye habari za uhalifu. Tanzania iliondoa mamlaka ya kiserikali ya machifu mapema baada ya uhuru, lakini machifu wa kimila bado wapo na huhudhuria hafla. Swali ni anafanya nini kwenye habari. Chifu akibariki mavuno huko Tanzania, sawa. Akiwakabidhi polisi mtuhumiwa kama ofisa wa tarafa, hapo kuna jambo la kuuliza.

Sikukuu nazo huhama. Madaraka, tarehe 1 Juni, na Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, ni za Kenya. Nane Nane, tarehe 8 Agosti, ni ya wakulima Tanzania.

Tovuti tatu zimeandika jambo lilelile. Si uthibitisho huo?

Ni uthibitisho iwapo zimelipata kwa njia tatu. Mara nyingi ni moja tu, iliyonakiliwa mara tatu. Chukua sentensi yenye jambo unalolishuku, iweke ndani ya alama za nukuu kwenye kitafutio, kisha panga matokeo kwa tarehe. Ukiona maneno yaleyale, kosa lilelile la saa, na hakuna hata moja iliyoongeza jina la kijiji au picha ya eneo, basi bado una chanzo kimoja. Habari za kweli zilizoandikwa na watu tofauti hupingana kidogo: huyu anasema saba, yule anasema tisa, huyu amezungumza na dereva na yule na mjane. Kupingana huko kunanipa imani zaidi kuliko kukubaliana kwa neno hadi neno.

Nikipata uzushi mmoja, naweza kutangaza kwamba habari imeandikwa na mashine?

Usitangaze. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba jambo hilo si kweli, na sababu yako ni hii. Nani alilizua ni swali jingine. Binadamu pia huzua, hasa anayeandika kutoka mezani kuhusu mahali asipopajua. Na kinyume chake ni kweli vilevile: mashine iliyopewa taarifa sahihi ya polisi na kuambiwa iipange upya inaweza isizue chochote. Habari isiyo na uzushi haijathibitishwa kuwa ya mtu.

Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kufuatilia nukuu hadi kwa wasemaji wenyewe. Mwaka 2024 huko Wyoming, Marekani, mwandishi wa gazeti la Powell Tribune alitilia shaka habari za gazeti jirani, Cody Enterprise. Aliwafuata watu walionukuliwa, na kadhaa wakamwambia hawakuwahi kuzungumza na mwandishi huyo. Mwandishi aliyezitoa habari hizo akakiri kutumia akili mnemba, akajiuzulu. Habari yake mojawapo, iliyohusu gwaride la mji, ilikuwa imemalizika kwa aya inayoeleza piramidi iliyogeuzwa ni nini katika uandishi wa habari, somo la darasani lililoachwa chini ya habari. Lakini hata hapo, kilichofunga kesi ni wale watu walionukuliwa. Aya ya ajabu ilikuwa dalili tu.

Programu za kugundua maandishi ya mashine hazitoshi?

Zinapima mtiririko wa maneno, si ukweli wa kinachosemwa, na nyingi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Sitegemei jibu lake kwa habari ya Kiswahili, liwe la kushutumu au la kusafisha.

Nimeona habari ya namna hii ikinitaja mimi au ndugu yangu kwa jambo lisilotokea. Nifanye nini?

Hifadhi kwanza, kabla ya kuandika neno lolote kwa mtu yeyote. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe na sentensi yenyewe, kwa sababu habari za namna hii hubadilishwa kimyakimya mara tu mlalamikaji anapojitokeza. Kisha mwandikie mhariri, si mwandishi peke yake. Usiandike kwamba habari yote ni ya uongo. Nakili sentensi moja moja, na chini ya kila moja eleza kwa nini haiwezi kuwa kweli, ukianza na ile isiyohitaji neno lako: tarehe ambayo ulikuwa kazini na daftari la mahudhurio lina sahihi yako, cheo ambacho ofisi hiyo haina, hospitali ambayo haipo. Muulize mhariri swali moja la ziada: nani alizungumza na nani, na lini. Chumba cha habari kilichofanya kazi yake kitakuwa na jina na siku. Kisichokuwa navyo kitakujibu kwa maneno ya jumla kuhusu vyanzo vya kuaminika.

Usipojibiwa, Tanzania kuna Baraza la Habari, na Kenya kuna Baraza la Vyombo vya Habari. Yote mawili hupokea malalamiko kuhusu habari zilizochapishwa. Nchi zote mbili pia zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinazokupa haki ya kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe, ingawa uandishi wa habari umewekewa nafasi yake ndani ya sheria hizo na madai yako yanaweza kupimwa dhidi ya nafasi hiyo. Nenda na zile picha za skrini, na barua uliyomwandikia mhariri ikiwa na tarehe.